Salio la Mstari wa Saba

Tarehe 5 Machi 2019, saa nne asubuhi, karani wa mikopo wa chama kimoja cha akiba aliandika 534,841 kwenye kipande cha karatasi, akakigonga muhuri wa tarehe na kumkabidhi seremala aliyesimama mbele ya dirisha lake.

Karani huyo ana miaka hamsini na nne. Wanachama humwita Bi Rula, kwa sababu ya rula ya mbao anayoilaza juu ya kila jedwali analolifungua. Chama kina kompyuta mbili, zote kwenye chumba cha mhasibu. Dirishani kuna faili za kadi, na ndani ya kila kadi kuna jedwali la marejesho ambalo Bi Rula amelichora kwa mkono tangu siku mkopo ulipotolewa. Kuna safu tano: namba ya rejesho, kiasi, riba, deni la msingi linalopungua, na salio.

Huwaeleza wakopaji wapya kwa maneno yaleyale kila mara. "Rejesho halibadiliki, baba. Kinachobadilika ni mgawanyo wake. Riba inakula kwanza, asilimia mbili ya salio la mwezi uliopita. Kinachobaki ndicho kinachopunguza deni."

Seremala alikopa laki kumi na mbili kwa miezi kumi na miwili, akaweka dhamana mashine yake ya randa. Rejesho lilikuwa 113,472. Mwezi wa kwanza riba ilichukua 24,000, na deni likapungua kwa 89,472. Mwezi wa pili riba ilishuka hadi 22,211, na deni likapungua kwa 91,261. Alipoona hivyo alicheka.

"Bi Rula, kumbe nikivumilia nanenepa mwenyewe!"

"Wewe lipa tarehe tano. Habari za kunenepa kamwambie mkeo."

Alilipa tarehe tano, miezi sita mfululizo. Kila alipopokea fedha, Bi Rula aliweka alama kwenye mstari uliolipwa, kisha akaisogeza rula chini ya mstari unaofuata na kuutia nukta ya penseli, ili mwezi ujao asipoteze muda kuutafuta. Ni mazoea ya miaka kumi na tisa. Wanachama wachache huuliza salio baada ya kulipa. Wengi huuliza kabla.

Ile Machi seremala aliuliza baada. Alikuwa amekonda hadi shati linamcheza mabegani. Alilipa rejesho la sita, akashika ukingo wa dirisha.

"Kesho nalazwa, dada. Wanasema ini. Nataka nilimalize deni leo leo, mke wangu asije akahangaika na watu. Nikileta zote mchana huu, ni ngapi?"

Bi Rula alitazama juu ya rula, akasoma namba ya mwisho, akaiandika.

Saa nane mchana seremala alirudi na 534,841 kamili. Kaka yake alikuwa ameuza pikipiki ili zipatikane. Aliambiwa barua ya kumaliza deni hutoka mwisho wa mwezi, mhasibu akishalinganisha vitabu. "Mwisho wa mwezi hata mke wangu anaweza kuichukua," alisema. Siku kumi na mbili baadaye alizikwa.

Mwisho wa mwezi mhasibu alikuta mkopo bado una salio la 100,760. Alituma ujumbe kwenye simu ya marehemu. Ilikuwa imezimwa. Aprili, Mei na Juni hakuna aliyelipa, na kwa utaratibu wa chama miezi mitatu inatosha. Dalali alikuja na barua yake na vijana wa kubeba. Mashine ya randa iliuzwa mnadani kwa laki tatu na nusu. Mjane alirudishiwa kilichobaki baada ya deni, riba na gharama. Alikuwa amepanga kuikodisha kwa mafundi wa jirani, apate ada za watoto wawili.

Mashine ilipotoka, shemeji yake alisimama uani akapaza sauti majirani wasikie.

"Pikipiki yangu ameila! Mtu anakufa na bado anatudanganya!"

Baadaye mjane alikiri kwamba hata yeye aliamini hivyo. Tangu mashine ichukuliwe hakwenda tena kaburini.

Jumatatu tarehe 15 Julai alikuja dirishani na kile kipande cha karatasi. Alikikuta kwenye mfuko wa koti la mumewe alipokuwa akilitoa ampe mtu.

"Huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu, mama."

"Basi niambie. Uliandika hii, yeye akaleta ngapi?"

Bi Rula alifungua faili. Stakabadhi ilikuwa pale: 534,841.

"Alileta zote," alisema.

"Zote. Sasa ile laki moja ya dalali ilitoka wapi?"

Jedwali la zamani lilikuwa mezani, lakini Bi Rula hakulisoma. Alimkaribisha mjane ndani, akampa kiti, akachukua karatasi tupu. Alisema wajenge upya, mstari kwa mstari, ili asiamini namba yoyote ambayo hajaiona ikizaliwa. Alimpa kikokotoo mjane akibonyeze mwenyewe.

Mstari wa tatu: riba 20,385, deni limepungua 93,087, salio 926,180. Wa nne, salio 831,232. Wa tano, 734,385.

"Sasa wa sita," alisema Bi Rula. "Asilimia mbili ya hiyo."

"Elfu kumi na nne, mia sita themanini na nane."

"Itoe kwenye rejesho."

"Tisini na nane elfu, mia saba themanini na nne."

"Hiyo itoe kwenye salio."

Mjane alibonyeza, akasoma polepole. "Laki sita, thelathini na tano elfu, mia sita na moja." Akalinganisha na kipande cha karatasi. "Mbona hii siyo?"

Bi Rula alichora mstari wa saba. Riba 12,712. Deni limepungua 100,760. Salio 534,841.

Salio la mstari wa saba ni kweli pale tu rejesho la saba linapokuwa limelipwa. Seremala alikuwa amelipa sita.

Mhasibu alikuwa chumba cha pili, mlango umefungwa. Jedwali hakuna mwingine aliyewahi kulikagua, na kipande cha karatasi kilikuwa mezani, karibu na mkono wa karani kuliko wa mjane.

"Mimi ndiye niliyekosea," alisema Bi Rula. "Nilimsomea mstari wa mbele. Mumeo alileta kila senti niliyomtajia. Hakula kitu."

Mjane alikivuta kile kipande cha karatasi upande wake.

"Kwa hiyo hakunidanganya."

"Hakukudanganya, mama."

"Na mimi nilimnunia akiwa kaburini." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Wewe unalala, dada?"

"Kuanzia leo sijui."

Mjane aliomba yaandikwe yote, kwa mkono uleule. Bi Rula aliandika kurasa mbili, akaambatanisha majedwali yote mawili, akatia sahihi. Mashine hairudi, aliyeinunua anaishi mji mwingine na hataki kuiuza. Shemeji alisomewa barua hiyo nyumbani. Alitoka nje, akarudi jioni na kuomba kuonyeshwa jina la kaka yake lilipoandikwa.

Kamati ya chama, iliyopelekewa nakala ya barua, inakutana Alhamisi saa tatu asubuhi. Bi Rula ataulizwa kwanza, na mjane atasikilizwa baada yake.