Mia Moja za Mama Ponsian

Verdiana binti Lyamba, Mama Ponsian kama majirani walivyomwita, alikuwa mtu mwema, tusimsingizie, ila likija suala la upatu alikuwa na kichwa kigumu ajabu. Alitoka Mpimbwe kuja kuolewa Mpanda mjini, na ule ulikuwa upatu wake wa kwanza. Wanawake wanane, kila mwisho wa mwezi kila mmoja anatoa shilingi ishirini, mmoja anakula mia na sitini. Yeye alikula mwezi wa tatu, akanunua bati za jiko. Jamani, zile bati! Kila mgeni alipelekwa jikoni azione, hata kama amekuja kuomba chumvi tu.

Basi mwezi wa nne ulipokaribia kwisha akamfuata Mwanahija, kijumbe wao mkusanya fedha, yule muuza maandazi wa karibu na stesheni, akamwambia anajitoa. Ameshakula, miezi mitano iliyobaki atatoa tu bila kupata kitu, kwa faida gani? Mwanahija hakugombana. Alisema watazungumza Jumapili, akaendelea kukanda unga wake.

Lakini kabla ya Jumapili kulikuwa na mtihani. Duka la ushirika lilitafuta mtunza hesabu, na bwana shauri wa ushirika, Ambrosi, aliyewafundisha jioni darasa la watu wazima, alisema atamchukua mmoja wa wanafunzi wake. Verdiana aliitaka kazi ile mpaka usingizi ukamhama. Mshahara wake mwenyewe, jamani, bila kumwomba mumewe Telesphor hata senti ya kiberiti! Mwanahija naye alisoma darasa hilo, ila kazi hakuitaka. Alitaka tu kujua kuandika vizuri daftari la upatu.

Siku yenyewe mwalimu aliandika ubaoni swali moja, fupi. Wanawake wanane wanacheza upatu, kila mmoja anatoa shilingi ishirini kwa mwezi. Mama fulani amekula mwezi wa tatu. Andika hesabu yake mwisho wa mwezi huo, uonyeshe salio, kisha useme salio hilo ni faida au ni deni.

Verdiana akafurahi kimoyomoyo. Si yeye huyo? Kushoto, upande wa mapokezi, akaandika 160. Kulia, upande wa malipo, akaandika 20 mara tatu, jumla 60. Salio 100. Akapiga mstari kwa rula, akaandika kwa mwandiko wa kupendeza: faida.

Kisha akatulia. Mwezi wa nne anakula nani? Akahesabu: mwenye zamu atapokea ngapi, kama huyu mama hayupo? Saba mara ishirini, mia na arobaini. Ishirini zimekwenda wapi? Na wa mwezi wa tano? Na hao watano waliokuwa hawajala, si ndio waliomtolea yeye, ishirini ishirini, mwezi ule wa tatu, jumla mia? Akaanza kuona joto, na dirisha lilikuwa wazi. Mia ile haikuwa yake hata kidogo. Ilikuwa ya watu, naye alishaiezeka jikoni.

Akafuta. Alifuta kwa nguvu karatasi ikakaribia kutoboka, akaandika: deni.

Mwalimu alipopitisha macho kwenye karatasi, wanne walikuwa wameandika faida. Akamwita Verdiana mbele aeleze, akamwongezea lingine papo hapo, maana alitaka kumpima sawasawa: huyu mama akitaka kujitoa sasa, mtunza hesabu atamwambia nini?

Hapo Verdiana aliona mambo. Mwanahija alikuwa dawati la pili, kalamu mkononi, anamtazama bila kupepesa. Akinyamaza, kazi imekwenda. Akijibu, amejihukumu kwa kinywa chake mwenyewe. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka, lakini kazi aliitaka.

“Atamwambia ajitoe akipenda,” alisema, “lakini kwanza arudishe shilingi mia moja. La sivyo aendelee kutoa ishirini, miezi mitano, mpaka hesabu iishe. Hakuna faida hapo, mwalimu. Alikopeshwa na wenzake.”

Mwalimu akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kazi ni ya Mama Ponsian, aanze Jumatatu. Darasa likapiga makofi. Mwanahija alipiga kuliko wote, na hilo ndilo lililomuuma Verdiana zaidi.

Walipotoka nje, Mwanahija alimngoja mlangoni, kitabu kwapani. Akampa mkono wa pongezi, kisha kwa sauti ya upole kabisa akamuuliza kuhusu Jumapili: yale mazungumzo yapo, au waahirishe?

“Usinidai, dada,” Verdiana alisema. “Nimeshajidai mwenyewe, mbele ya watu wote.”

“Kujidai hukuanza leo, mama,” alisema Mwanahija, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Jumapili Verdiana alitangulia kufika, na noti yake ya shilingi ishirini ya mwezi wa nne.