Wiki Moja ya Dada Mizani

Nasema bila kumung'unya maneno: mgahawa wetu ulikuwa ukishibisha watu mia kwa siku na kuwashindisha njaa watu kumi na wawili. Hao kumi na wawili ni sisi wafanyakazi. Asubuhi chai ya rangi, saa tisa mabaki ya chipsi, tena tunakula tumesimama. Mpaka siku ile mama mwosha vyombo alipoanguka mbele ya sinki kwa njaa.

Mpishi wetu mkuu, tunayemwita Dada Mizani kwa kupenda kupimapima, akamfuata bosi siku hiyohiyo. "Nipe wiki moja niwalishe hawa watu," akamwambia. Bosi alikubali shingo upande. "Sahani moja ya mteja ikichelewa kwa ajili ya chakula chenu, tunarudi kwenye chai."

Dada alinunua maharage, mchicha na mayai, basi; mchele ulikuwepo jikoni. Maharage aliyaloweka jioni, asubuhi akayainjika kwenye jiko la nyuma, ambalo halina kazi kabla wateja hawajaja. Mifupa ya kuku tuliyokuwa tukiitupa akaifanya supu. Saa nne na nusu tunakula sisi wa jikoni, robo saa tu, kisha wahudumu. Mlango ukifunguliwa saa sita, mabakuli yote yameshaoshwa.

Siku ya kwanza alitukosea. Alitupakulia wali kilima kizima, na kwa uroho wetu tukaufagia wote. Saa saba mhudumu akapiga mwayo mbele ya mteja anayeagiza, na mimi mchoma nyama nilikuwa nasinzia na koleo mkononi.

Kesho yake wali ulipunguzwa nusu, maharage na mchicha vikaongezwa, na kila mtu akapata yai. Nilinuna, sifichi. "Kula ulichopewa, tumbo si ghala," Dada akaniambia. Mchana huo nilichoma nyama hadi saa kumi na sikusinzia hata kidogo. Sikununa tena.

Siku ya saba wakaingia watu thelathini kwa mpigo. Tulichapa kazi. Mama mwosha vyombo alikuwa akiosha huku anaimba, sahani zinatoka moto moto. Mara meza ya dirishani wakalalamika kwamba wamengoja nusu saa. Wiki nzima ya jasho, halafu ije iharibikie hapa?

Dada akatafuta oda yao jikoni, hakuna. Akauliza nani aliyeiandika. Bosi akajipapasa mfukoni, akatoa kikaratasi kimekunjwa. Alikuwa ameipokea mwenyewe, akaisahau. Akashika ukingo wa meza asije akaanguka.

"Umekula nini leo, bosi?" Dada akamuuliza.

"Chai," akajibu kwa sauti ndogo.

Hakuna aliyecheka, ingawa nilijiuma midomo. Dada alitukabidhi ile oda, kisha akamgeukia bosi.

"Kesho uje saa nne na nusu, ule na sisi wa jikoni. Na bakuli lako utaliosha mwenyewe."

"Sawa, dada," bosi akasema.