Sekunde Nne za Fosuaa

Shemeji yangu Opoku Gyebi alipiga video za harusi na mazishi mjini Kumasi kwa miaka kumi na tisa, na sikuwahi kumsikia akimwambia mtu acheke. Alisubiri. Alisimama na kamera begani mpaka watu wakamsahau, kisha akachukua alichokitaka.

Alipofika hamsini na mbili macho yakaanza kufifia. Presha ya macho, daktari alisema. Kilichopotea hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Opoku akauza kamera, akabaki na kompyuta na kazi moja tu: chaneli ya mke wake, Fosuaa, dada yangu mkubwa.

Fosuaa ni fundi cherehani. Chumba chake kinatazamana na changu uani kwetu, na humo ndimo anamofundishia, mbele ya simu iliyofungwa kwenye kigoda, namna ya kukata kaba, blauzi za kwetu, na sketi zake. Anafundisha vizuri, ila kila video ilivaa nguo yake. Kitambaa kikiwa chekundu, maandishi yalikuwa mekundu. Akifurahi, herufi zilijikunja kama mizabibu. Siku moja mteja alimsifia kola aliyojifunza kwenye simu, "kwa mama mmoja hivi, mikono yake mizuri, sijui nani." Kola ilikuwa ya Fosuaa.

Jioni ile alimweleza mumewe huku akimenya ndizi.

"Mikono yangu wanaijua," alisema. "Mimi hawanijui."

"Watakujuaje, kila wiki unabadilisha sura?" Opoku akasema. "Nitakutengenezea kiolezo."

"Kama cha kukatia nguo?"

"Hichohicho. Unakata karatasi mara moja, nguo unashona mia."

Ilimchukua majuma matano. Alikaa karibu na kioo cha kompyuta, kichwa amekigeuza upande kama kuku anayekagua punje, kwa sababu kwa pembeni ndiko alikobakiwa na uoni. Alichagua herufi za aina mbili: nene za vichwa, nyepesi za vipimo. Nzuri kuliko zote aliitupa kwa kuwa haikuwa na ɛ wala ɔ, na Kitwi, lugha yetu, bila hizo hakiandikiki. Faili za herufi akaziweka kwenye folda moja na kiolezo, maana kompyuta isiyo nazo huweka nyingine kwa hiari yake. Maandishi akayapandisha juu kidogo, yasifunikwe na alama za simu. Rangi zilikuwa mbili tu, njano juu ya buluu iliyokaribia weusi.

"Ya msiba," Fosuaa akasema. "Mimi napenda zambarau."

"Zambarau vaa. Hapa ni njano."

Mwanzoni akaweka kipande cha sekunde nne: chaki inapita juu ya kitambaa, mkasi unafunguka, na mkasi unapofunga, jina la Fosuaa linatokea. Hakuna muziki. Ni mkwaruzo wa chaki na kile kilio kifupi cha mkasi.

Sikumuuliza kwa nini anajitesa. Nilijua. Daktari alikuwa amemwambia jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, na yeye alitaka siku asipoona kabisa, Fosuaa aweze kufanya video zake peke yake, bila kumwomba mtu.

Kwa majuma matatu mambo yalikwenda. Opoku alikaa nyuma yake akirudia sheria yake moja: "Kiolezo hakifanyiwi kazi. Nakili, ipe nakala jina la somo, fungua nakala."

"Nimesikia, mwalimu."

"Umesikia juzi pia."

Jumatatu moja Opoku akapelekwa kliniki na binamu yake, na Fosuaa akaamua kufanya somo la mikono ya mapuliza, ile iliyovimba begani, mwenyewe, amfurahishe. Alifungua kiolezo chenyewe. Akaondoa zile sekunde nne, kwa kuwa alikwisha kuzichoka, akavuta herufi zijae, akatia zambarau. Akahifadhi, akafunga. Alhamisi alipofungua aanze somo jipya, akakuta mikono ya mapuliza imekaa pale, ya zambarau, na kiolezo hakipo.

Opoku, mtu aliyempa kila bwana harusi nakala tatu, safari hii hakuwa na ya pili.

Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi wangu nilipomwona dada yangu amekaa kizingitini, kitambaa mapajani, hashoni.

"Nimemmalizia macho yake," aliniambia. "Yale majuma matano, dada. Ndiyo yaliyokuwa yamebaki, nami nimeyafuta."

Opoku alikuwa ndani, amesikia. Akatoka akiupapasa ukuta.

"Vipande vipo?"

"Vipo kwenye folda. Na herufi zipo. Ulivyovipanga ndivyo havipo."

"Basi kaa kwenye kiti changu, mbele ya kompyuta."

"Kaa wewe."

"Mimi siioni tena mistari ya kwenye kioo, Fosuaa. Tangu juma lililopita. Sikutaka kukwambia." Akavuta kigoda. "Kaa."

Nikaacha madaftari nikawafuata, nikasimama mlangoni. Opoku aliitaja njano kwa tarakimu zake sita, zile kompyuta inazotambulia rangi, polepole, naye Fosuaa akaziandika, kisha buluu. Akamwambia kichwa kianzie wapi, vipimo vikae upande gani. Fosuaa hakubishana na kitu mpaka waliporudi kwenye rangi.

"Kwa nini hasa njano?" aliuliza. Sauti haikuwa ya ugomvi.

"Nilizijaribu zote. Hiyo juu ya ile buluu ndiyo niliyoendelea kuiona. Nikasema, nikibakiwa na kitu kimoja, kiwe jina lako."

Dada yangu akafuta pua kwa kitambaa cha mteja, jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya, akasema, "Endelea. Mkasi unaingia wapi?"

"Cheza nisikie."

Akacheza. Chaki, mkasi.

"Jina limetokea?"

"Limetokea."

"Kabla ya mkasi kufunga au baada?"

"Kabla, kidogo sana. Utajuaje wewe?"

"Umevuta pumzi kabla ya mkasi. Lisogeze mbele."

Alilisogeza. Akacheza tena, na tena, mara ya sita au ya saba, mpaka Opoku akainua kidole kama alivyokuwa akimwinulia msaidizi wake harusini.

"Hapo."

Fosuaa alihifadhi faili, akaifunga isiweze kuandikwa juu yake, kisha bila kuambiwa akaweka nakala moja kwenye flashi, nyingine kwenye simu yangu. Nilisema simu yangu haina nafasi. Alinifutia picha za mahafali ya chuo, hata hakuniuliza.

Siku hizi Opoku haoni. Hukaa uani akisikiliza redio ya mpira, na Fosuaa hufanya video ndani, mlango wazi. Jumamosi iliyopita jirani yetu mmoja, msichana anayejifunza ushonaji, alikuwa ameketi karibu na bomba na simu yake. Ukasikika mkwaruzo wa chaki, kisha mkasi. Opoku akapunguza redio.

"Somo gani hilo?" akamuuliza.

"La zipu ya kuficha, baba. La Madam Fosuaa."

"Jina limeandikwa kwa rangi gani?"

Msichana akamtazama, akaitazama simu. "Njano."

Opoku akageuza kichwa upande, kule ulikokuwa umebakia uoni wake wa mwisho, akakaa hivyo mpaka somo likaisha.