Kibiriti Kando ya Sahani

Goti la kulia la mume wangu lilikuwa limekwisha. Miaka yote ile ya upolisi, kusimama barabarani na kuruka kutoka kwenye malori, ililila likabaki mfupa kwa mfupa. Daktari wa mifupa hakutuzungusha. Goti linabadilishwa, alisema, lakini si kwa uzito huu. Mzee apunguze kilo kumi na mbili kwanza, ndipo tuzungumze habari ya tarehe. Kwetu Mbuya ni mlimani, na mzee alikuwa ameshaacha kushuka hata kwenda kanisani. Alikuwa anakaa mlangoni anawasalimia wanaopita. Mimi nilimwona akizeeka pale kwenye kiti, na iliniuma.

Daktari akatupeleka kwa mtaalamu wa lishe, Nakawa. Mwanamke mchanga, Mganda, Kiswahili chake cha kuungaunga lakini roho safi. Hakumkataza mzee chakula. Alisema tu, "Mama, kila sahani ya baba unipigie picha kabla hajala. Moja kutoka juu, moja kwa pembeni kidogo, nione kimo. Akimaliza, piga nyingine, nione kilichobaki."

"Picha itajua uzito wa ugali, posho yetu hii?" nikamuuliza.

"Picha peke yake haijui kitu," akasema. "Weka kando kitu ninachokijua ukubwa wake. Kibiriti, kwa mfano. Kibiriti ni kilekile kila duka."

Haya. Mimi ni Mkongo, nauza vitenge Kikuubo, utepe wa kupimia haunitoki shingoni. Nilipima sahani ya mzee ukingo hadi ukingo, sentimita ishirini na sita, nikamwambia mtaalamu, na kuanzia hapo kibiriti kikawa kinalala kando ya kila chakula. Mzee alikuwa anakitazama anacheka. "Huyu naye amekula? Mpe kipande cha samaki."

Majibu yalikuwa yanakuja kwenye simu. Bonge la posho, karibu ngumi moja na nusu, kalori kama mia tatu. Samaki wa kuchemsha, ukubwa wa kiganja, mia na hamsini. Mboga, kikombe kimoja, arobaini tu. Kila mara alikuwa anaongeza neno "takriban", kwa sababu, alisema, anayekadiria kwa macho hafiki kwenye namba kamili, anafika jirani. Hesabu ilikuwa nzuri. Kwa hesabu ile mzee alitakiwa akonde mpaka suruali imwanguke.

Hakukonda. Wiki zilipita, mzani ukang'ang'ania palepale. Mara moja hata ulipanda.

Siku hiyo mtaalamu aliweka kalamu chini, akauliza kwa sauti ya upole kabisa, "Baba, ukitoka nyumbani, hakuna kitu unakula njiani?"

Mama yangu! Nilisimama. Nikamwambia, dada, mume wangu hawezi kufika hata kwenye kona, hiyo chapati ya rolex anayoila njiani inamfuata nyumbani kwa miguu? Kila mtu kule nje alinisikia. Nilimtetea mzee mpaka jasho likanitoka.

Tulipofika nyumbani, mimi huyohuyo nikaanza kumnusa. Wanaouza rolex, chapati iliyokunjiwa mayai, wako chini tu ya nyumba yetu, na watoto wa jirani hawakatai kutumwa. Nikampekua koti. Akaniona.

"Nimevaa sare maisha yangu yote," akasema, "sijachukua hata ndizi ya mtu. Leo mke wangu ananipekua mifuko?" Hakupaza sauti. "Basi, acha goti life. Hospitali sirudi. Siwezi kuitwa mwizi mezani kwangu."

Aka! Nilijua anamaanisha. Watu wa kwao kaskazini hawasemi mara mbili. Niliogopa kweli, kwa sababu goti lile lisipotengenezwa, kile kiti cha mlangoni ndicho kingekuwa kazi yake mpaka Mungu amwite. Nikaendelea kupiga picha kimyakimya, nikituma bila kumwambia.

Kesho yake mchana simu ikalia, nikiwa dukani katikati ya mabelo ya vitenge. Ni yule mtaalamu.

"Mama, niko naangalia sahani ya jana, ile baba amemaliza. Inang'aa. Pale mboga ilikuwa, kuna mafuta mpaka kwa ukingo. Mboga ya kuchemsha haiachi mafuta. Wewe unapika mboga na nini?"

"Na maji, na chumvi, na nyanya."

"Na nini tena?"

"Na odii, dada! Kama kawaida. Mboga bila odii si ni chakula cha sungura?"

Odii ni karanga na ufuta, vimekaangwa na kusagwa mpaka vinakuwa laini, mafuta yanaelea juu. Kwao Waganda mchuzi wa karanga unakaa wazi, unauona juu ya matoke, hata mtoto anaupima. Kwa hiyo dada wa watu alitafuta karanga kwenye sahani, hakuziona, akahesabu majani. Lakini kwao mzee odii inakorogwa ndani ya mboga mpaka inapotea. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha. Na mimi, mkono wangu wa Kongo hauwezi kuipua mboga bila kumalizia na mawese.

"Kesho," akasema, "kabla hujatia kwa sufuria, weka hiyo odii kwa sahani, peke yake, na kibiriti kando. Na mafuta uyamimine kwa kijiko, uhesabu. Halafu uniambie sufuria imetoa sahani ngapi."

Nikafanya. Kuiona odii ile imekaa peke yake, mlima, na kibiriti chini yake, niliona haya kuituma. Akagawanya kwa sahani. Ya mzee ilikuwa imebeba vijiko vitatu vikubwa vya odii, kila kijiko karibu kalori mia, na kijiko cha mawese, mia na ishirini. Zile arobaini za majani zilikuwa zimebeba zaidi ya mia nne mgongoni. Mchana, na jioni tena.

Na ubaya wake ni huu: posho ilipopungua nilimwonea huruma, nikaizidisha odii. Nilisema moyoni, mboga ni mboga, nani amewahi kunenepa kwa mboga? Kikulacho ki nguoni mwako. Mwizi tuliyemtafuta barabarani ndiye aliyekuwa anapakua.

Nilimwambia mzee jioni ileile. Nilitegemea anigombeze, nami nigombane kidogo, tupoe. Alicheka mpaka akashika goti. "Kumbe ndiyo maana ilikuwa tamu hivi," akasema.

Odii hatukuiacha. Mtaalamu mwenyewe alisema ni chakula kizuri, tukipime tu: kijiko kimoja kwa sahani, mawese nusu kijiko, na mboga iongezwe ijaze nafasi. Mzani ukaanza kusogea, polepole, kisha ukazoea kushuka.

Daktari wa mifupa alimpima, akampima tena, akafungua kalenda yake akatupa tarehe. Tulipotoka mzee alikaa kwenye benchi la nje, watu wamejaa, akanishika mkono mbele ya wote, jambo ambalo wanaume wa rika lake kule kwao hawalifanyi.

"Asante kwa chakula," akaniambia.