Siku Meneja Alipomwomba Radhi Mke Mwenzangu

Waliokuwepo ni hawa: mume wangu, mimi niliye mke wake wa kwanza, mke mwenzangu mdogo ambaye ni mpishi wa shule ya bweni, meneja wa jikoni aliyemfukuza, na wapishi wenzake, wote wakiwa na aproni. Majina yao ninayo hadi ya baba zao, ila siyaandiki.

Sisi wa nyumbani tuliitwa kwa sababu neno "mwizi" lilikuwa limefika bomani kwetu. Mwanamke aliyeolewa akiitwa hivyo, ni boma zima limeitwa. Mume wetu alimshikia mke mwenzangu mkono mlangoni. Mimi nilitembea nyuma yao, nikiuangalia mkono huo.

Meneja alisimama palepale mlangoni pa stoo, alipomwaga mfuko wa mke mwenzangu siku ile alipomfukuza.

"Mbele yenu nilimwita mama huyu mwizi," akasema. "Kuku mmoja wa wageni alikosekana. Nikaona kuku kwa mfuko wake, nikamfukuza bila kumuuliza neno. Yule wa wageni nilimpeleka mimi mwenyewe kwa mwalimu mkuu, nikasahau. Wake alimnunua sokoni Shirere, awapelekee wakwe wa binti yake. Mkosaji ni mimi."

Mpishi mmoja akamwonea huruma. "Si wageni walikuwa njiani, bosi? Ulikuwa na haraka."

"Usinitetee. Kuuliza kungechukua muda gani?"

Akamgeukia mke mwenzangu. "Mama, nilikuaibisha. Wakwe walikosa ingokho yao, kuku wa heshima, na watoto wako wakachekwa. Barua ya kukufukuza nimeifuta, na bodi nimeiandikia kwamba kosa ni langu. Siku ulizokaa nyumbani utalipwa. Kuanzia leo mfuko wa mfanyakazi haufunguliwi bila yeye na mwakilishi wenu kuwepo. Sikuombi unisamehe leo. Hiyo ni yako, kwa wakati wako."

Mke mwenzangu akafunga leso vizuri. "Nimesikia. Kazini nitarudi. Hayo mengine, wacha nikae nayo kwanza."

Wapishi wakapiga vigelegele kama harusini. Mume wetu akafuta macho. Kwa ajili yake yeye!

Mimi wivu ulinichoma. Nilipokuwa bibi arusi, mama mkwe aliniita mwizi wa wimbi la uji mbele ya wanawake wote kisimani. Wimbi likapatikana kwa mwanawe mdogo. Nani alisimama palepale kisimani akanisafisha? Nilipewa chai tu, nikaambiwa mambo ya boma hayatokangi nje.

Jioni nikamwambia mume wangu hayo yote, mke mwenzangu akisonga obusuma, ugali wetu wa jioni.

"Mama amekwisha kufa," akasema. "Unataka nifanye nini?"

"Wewe ulikuwepo, na uko hai."

Mke mwenzangu akaacha mwiko. "Mwombe radhi, mzee. Meneja hata si mumewe, na ameweza."

Mzee akanawa mikono kabla hata chakula hakijaiva, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe. Mke mwenzangu akanipakulia mimi kwanza. Hata hiyo niliionea wivu, kwamba yeye sasa alikuwa na heshima ya kunigawia.

Kama ulikuwa pale na maneno ya meneja nimeyageuza, nirekebishe. Masikio yangu yamezeeka, na siku ile roho yangu haikuwa safi.