Sahihi Iliyobaki Chienge

Nilisafiri kwenda Chienge kwa sababu ya ukurasa mmoja. Nilikuwa nimemaliza chuo cha mifugo, vyeti ninavyo, na ofisi ya mifugo ya wilaya hapa Nchelenge ilikuwa imenipa nafasi ya msaidizi wa afya ya mifugo. Kilichokosekana ni usajili. Kwetu, mtu asiyeandikishwa na baraza la taaluma ya mifugo kule Lusaka haruhusiwi kumdunga mnyama sindano wala kutia sahihi kibali cha kusafirisha mifugo. Akifanya hivyo, ni kesi.

Baraza lilinijibu kwa barua pepe kwamba faili langu lina kasoro mbili. Ya kwanza ilikuwa aibu tupu: nakala za vyeti vyangu zilithibitishwa na mchungaji wetu, kwa muhuri wa kanisa. Mtaani kwetu muhuri wa kanisa unafungua milango mingi, nami nikadhani utafungua na huo. Walitaka muhuri wa kamishna wa viapo. Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi. Kitabu cha mazoezi ya kazi hakikuwa na sahihi ya msimamizi kwenye ukurasa wa mwisho. Msimamizi wangu, Ba Chola, kama tunavyomwita kwa heshima, alikuwa amehamishiwa Chienge kabla hajatia sahihi. Bosi wa wilaya akaniambia kwa upole kwamba nafasi ataishikilia wiki mbili, mpaka Ijumaa ya wiki ya pili. Baada ya hapo ataita mwingine.

Jumatatu alfajiri nilipanda kikenta, lori dogo la Papa Ilunga, mfanyabiashara wa samaki kutoka ng'ambo ya ziwa, Kongo, anayefahamiana na mama yangu tangu walipokuwa Pweto kulekule. Mama alinifungia kitabu kwa plastiki mbili, kisha akakitia ndani ya chitenge. Hakujua nilichokuwa nakiogopa. Alidhani ni mvua.

Ukweli ni huu. Chuoni tulitakiwa kuandika kila siku: mnyama gani, dalili gani, dawa gani, kipimo gani, na msimamizi alikuwepo au la. Karibu sote tuliandika wiki nzima usiku mmoja, kwa kalamu moja, tukicheka. Katika kitabu changu kulikuwa na mstari mmoja ambao haukuwa wa kweli. Nilijua uko ukurasa gani. Kila gari liliporuka kwenye shimo nilikikaza kitabu mapajani.

Tulipopita Kashikishi jua lilikuwa limetoka, ziwa liko mkono wa kushoto, limetulia, wanawake wanatandaza chisense, dagaa wa ziwa letu, mchangani. Siku nyingine ningetazama. Siku ile nilikuwa nahesabu namna Ba Chola atakavyofungua kurasa.

Karibu saa nne, upande wa Puta, Papa Ilunga alisimamisha gari kwenye nyumba ya mkwewe. Mbuzi wao alikuwa amelala chini, anahema kwa taabu, kamasi zimemganda puani. Kijana wa nyumba hiyo alikuwa na chupa ya dawa na sindano aliyonunua sokoni. Papa Ilunga akanigeukia.

"Mutoto yangu, si umesomea kazi ya banyama? Dunga tu, ni kintu kidogo. Nani atakuona hapa?"

Nilimwambia siwezi, bado sina nambari ya usajili. Nikawaeleza wamtenge mbuzi yule na wenzake, wasimchinje, na wampigie simu afisa wa kambi ya mifugo, yaani kituo cha huduma cha pale. Mama mkwe alinitazama kana kwamba nimemnyima maji. Papa Ilunga akabamiza mlango wa gari, tukaondoka. Nilikuwa na hofu ya kushtakiwa, ndiyo, lakini zaidi niliona haya, maana mstari ule wa uongo kitabuni ulikuwa juu ya mbuzi na sindano vilevile.

Mchana tulifika Chienge. Ba Chola hakuwepo ofisini. Alikuwa anachanja mbwa dhidi ya kichaa katika kijiji cha jirani. Nilikaa kwenye benchi hadi alasiri, kitabu mapajani. Aliporudi, buti zimejaa vumbi, alifurahi kuniona, akaulizia afya ya mama, akanipa maji. Halafu akaketi, akatoa kabatini daftari lake mwenyewe, lile analoandikia kila mnyama aliyemtibu, na kuliweka kando ya kitabu changu.

Sikuwa nimelitarajia. Nilidhani atatafuta tu mahali pa kutia sahihi. Yeye alilinganisha mstari kwa mstari, kwa kidole, polepole. Kidole kikasimama.

Mama yake Ba Chola ni mtu wa Kongo, kwa hiyo tukiwa wawili huniongelesha Kiswahili. "Bupe," akasema, "siku hii miye nilikuwa wapi?"

Ningeweza kusema nimekosea tarehe. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini nilimkumbuka yule mbuzi wa Puta, nikashindwa.

"Mulikuwa kwenye matanga ya kaka yenu, Ba Chola. Yule mbuzi nilimudunga peke yangu. Nikaandika mulikuwepo."

Nilikuwa na hakika nimeiharibu kazi yangu kabla sijaianza. Aliniuliza dawa gani, kiasi gani, msuli upi, na kama nilimwambia mwenye mbuzi asubiri siku ngapi kabla ya kunywa maziwa au kula nyama. Nikajibu. Kuhusu siku za kusubiri nilikiri kwamba sikumwambia.

Akachukua rula, akapiga mstari mwekundu juu ya kesi ile ya mbuzi, akaandika pembeni kuwa imefutwa na kwa nini, akatia herufi za jina lake, akanipa kalamu nitie zangu. Akajumlisha siku zilizobaki, zikatosha kwa idadi inayotakiwa. Ndipo akafungua ukurasa wa mwisho, akatia sahihi, tarehe na muhuri wa kambi.

"Ungesema umekosea tarehe," akaniambia, "ningekurudishia kitabu bila kitu. Lakini baraza wanaweza kuuliza juu ya ule mustari. Wakiuliza, utawajibu weye."

Jumanne nilirudi Nchelenge, woga ukiwa ule ule, umebadilisha kiti tu. Jumatano asubuhi nilikwenda mahakamani. Kamishna wa viapo alikagua kila cheti halisi na kitambulisho changu cha taifa, akagonga nakala moja moja. Nikazipiga picha zote pamoja na kurasa za kitabu, nikazituma kwa barua pepe, na karatasi zenyewe zikaondoka ndani ya bahasha kwa basi la Lusaka. Kisha nikangoja. Simu ikilia, niliikimbilia. Ijumaa ikapita, Jumatatu, Jumanne. Hakuna aliyeuliza juu ya mstari mwekundu, na kimya kile kilinitisha kuliko swali.

Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho, cheti kilifika: jina langu, nambari ya usajili, na leseni ya mwaka huu. Mama alilia. Mimi niliisoma nambari mara mbili.

Bosi alinikabidhi kitabu cha vibali mchana huohuo. Mtu wa kwanza kuja alitaka kupeleka nguruwe sita Mansa. Mmoja alikuwa na masikio mekundu na hakutaka kula. Nikapima joto, lilikuwa juu; nikarudia, lilelile. Nikamwambia hawa hawaondoki, wote sita, mpaka majibu ya sampuli yarudi, kwa sababu inaweza kuwa homa ya nguruwe. Akapandisha sauti, akaniuliza kwani mimi nani.

Nilidhani nambari ingeniondolea woga. Haikuondoa. Nilimtajia jina langu, kisha nambari. Kisha nikaandika kesi ile palepale, nguruwe mbele yangu, mwenye mali ananitukana, na sikuinua kalamu mpaka kila neno lilikuwa la kweli.