Tundu la Braketi Lililojiziba

Tangu siku kompyuta ilipoingia karakana yetu ya Kyela, machale yalinicheza. Miaka ile kila kitu kilikuwa kinauzwa au kinapunguzwa, na mwenye karakana alikuwa ameshasema wazi: meza za kuchorea zitaondolewa, atabaki mtu mmoja tu, yule wa kompyuta. Mchoraji wa meza nilikuwa mimi. Wa kompyuta alikuwa mhandisi kijana kutoka Tanga, mpole kupita kiasi.

Na kijana huyohuyo akaniambia, "Mama, njoo nikufundishe."

Nikajiuliza, nani anamfundisha mtu anayegombania naye kiti? Nilikwenda, lakini nilikaa pembeni kidogo, kama mtu anayenunua samaki sokoni Lyulilo bila kumwamini muuzaji.

Kazi iliyokuwapo ilikuwa braketi, kishikizo cha chuma cha mashine ya kukoboa mpunga, ya mteja wa Ngana: kitako cha bapa, ubao wa chuma uliosimama juu yake, na tundu la kupitisha shafti, ule mhimili unaozunguka. Mimi ningeichora kwa mistari, sura ya mbele, ya juu na ya ubavuni. Yeye alianza na maumbo mazima. Akaweka boksi jembamba lililosimama. Akalaza silinda kubwa, katikati yake ikiwa kwenye ukingo wa chini wa boksi, halafu akaamuru kibaki kile tu kilicho ndani ya vyote viwili. Kona za juu za boksi, zilizokuwa nje ya silinda, zikatoweka, na silinda yote iliyokuwa nje ya boksi ikatoweka pia. Ukabaki ubao wenye kichwa cha mviringo.

"Hayo ni makutano," akasema. "Kinachomilikiwa na mmoja peke yake kinakwenda."

Sikupenda alivyolisema neno hilo.

Kisha akaweka boksi la bapa chini ya ubao na kuviunganisha, vikawa mwili mmoja usio na kiungo. Mwisho akanionyesha kutoa: unachagua kwanza kinachobaki, halafu kinachotolewa. Silinda ikishatolewa, mahali pake panakuwa tundu.

"Sasa fanya yako, mama."

Nikafanya, siku ambayo mwenye karakana alikuja kuangalia. Ubao ukapata kichwa chake, kitako kikaungana nao, nikatoboa tundu la shafti, safi. Nikakumbuka kwamba shafti ile ni nzito, lazima chuma kiwe kinene kuizunguka. Nikaweka silinda nyingine nene zaidi, fupi, inayopita ubaoni na kujitokeza pande zote mbili, nikaiunganisha na braketi.

Tundu likaziba.

Nikasimama. "Ameniharibia! Tundu lilikuwepo, mzee umeliona. Huyu ameitegeshea mashine ili nionekane mjinga!"

Kijana hakukasirika, na hilo lilizidi kunitia shaka. Akarudisha nyuma hatua mbili, silinda ikaondoka, na tundu likarudi.

"Silinda uliyoongeza ni chuma kitupu, mama. Ukiiunganisha inajaza kila inapopita, hata penye tundu. Unganisha vyote kwanza, toboa mwisho."

Nikafuata. Nikaunganisha ile silinda nene, kisha nikatoa nyembamba, ndefu ya kuvuka vyote. Tundu likapita upande hadi upande. Niliona aibu, lakini shaka haikuniisha hata chembe. Kwa nini ananisaidia?

Siku chache baadaye mwenye karakana akaniita uani. "Ndaga fijo, asante sana mwanangu, umejifunza vizuri. Yule kijana nimemwambia afungashe. Yeye anataka nyumba na marupurupu. Wewe una kwako hapahapa."

Kumbe wakati wote nilikuwa nikimshuku kijana, na yeye ndiye aliyekuwa akitolewa. Nilimkuta stendi na begi lake, nikataka kumwomba radhi, akaniwahi.

"Nilijua unanishuku," akasema. "Lakini mwenye karakana aliniambia mwanzoni kabisa kwamba nikikufundisha nitapata mkataba mrefu."

Nikarudi kwenye kiti kile. Braketi ilifungwa Ngana na shafti ikazunguka bila kelele. Haukupita mwezi, mwenye karakana akaingia na mpwa wake kutoka ng'ambo ya Mto Songwe, mtanashati, kalamu mfukoni.

"Mwanangu," akaniambia akitabasamu, "mfundishe na huyu."

Nikavuta kiti cha pili. Nikamwonyesha kuunganisha. Nikamwonyesha kutoa. Alipouliza amri ya tatu, ile ya makutano, ni ya nini, nikamwambia hiyo hata mimi bado sijaielewa.